Mbofyo wa shilingi 100 ulio ghali kuliko wa shilingi 300

Tuchukue muuza mashuka wa Kariakoo aliyeweka matangazo mawili Instagram kwa wiki mbili. Kila tangazo lilimgharimu shilingi 300,000, kila moja lilionyeshwa mara 100,000, na yote mawili yanampeleka mtu kwenye ukurasa uleule wa kuagizia. La kwanza ni video ya kitanda kikitandikwa, juu yake imeandikwa "Bei ya kutupa". La pili ni picha ya shuka lililokunjwa, bei yake shilingi 45,000, na maneno kwamba mzigo unapelekwa Dar es Salaam tu.

Video ilibofywa mara 3,000. Hiyo ni asilimia 3 ya mara ilizoonyeshwa, na ndiyo namba inayosomeka `CTR` kwenye skrini. Ukigawa fedha kwa mibofyo, kila mbofyo, yaani `CPC`, umegharimu shilingi 100. Picha ilibofywa mara 1,000 tu: asilimia 1, shilingi 300 kwa mbofyo. Muuzaji akiishia hapo ataizima picha na kuiongezea video fedha, na nimeona wengi wakifanya hivyo.

Sasa afungue daftari la oda. Waliobofya video walinunua 15, sawa na asilimia 0.5 ya mibofyo. Waliobofya picha walinunua 30, asilimia 3. Hiki ni kiwango cha ununuzi, na ndicho kinachozipa maana zile namba mbili za mwanzo, kwa sababu gharama ya kupata oda moja ni bei ya mbofyo ikigawanywa kwa kiwango hicho:

```
100 / 0.005 = 20,000
300 / 0.03  = 10,000
```

Kila oda inamwachia shilingi 15,000 baada ya kutoa gharama ya mzigo na ya bodaboda. Kwa hiyo kila oda iliyoletwa na video inamtia hasara ya shilingi 5,000, na kila iliyoletwa na picha inamwachia faida ya kiasi hichohicho.

Mimi hupenda kuigeuza hesabu hii kabla sijasema mbofyo ni ghali au rahisi. Zidisha faida ya oda moja kwa kiwango cha ununuzi, upate bei ya juu kabisa unayoweza kuulipia mbofyo bila kupoteza. Kwa picha ni shilingi 450, kwa video ni shilingi 75. Ndiyo maana 300 ya picha ni bei nzuri, na 100 ya video imeshavuka mpaka.

Ona pia kwamba Instagram haikumpunguzia bei kwenye video. Kuonyeshwa mara 1,000 kuligharimu shilingi 3,000 kwa matangazo yote mawili. Mbofyo wa video ulishuka bei kwa sababu tu waliobofya walikuwa wengi, na walikuwa wengi kwa sababu bei ilifichwa: wengi walibofya ili waijue, kisha wakaondoka. Picha iliwachuja watu kabla hawajamgharimu muuzaji.

Je, kosa haliwezi kuwa la ukurasa? Linaweza, ila hapa ukurasa ni mmoja na kwa picha umeuza vizuri. Angekuwa na tangazo moja tu, ningemwambia alinganishe `Link clicks` na `Landing page views`. Mibofyo ikiwa 3,000 na kurasa zilizofunguka 1,700, huenda watu wanakata tamaa ukurasa ukijivuta kufunguka. Ningetazama pia lengo la kampeni: ukichagua `Traffic`, mfumo unatafuta watu wenye mazoea ya kubofya viungo, si lazima wanunuzi. Na ningehakikisha anasoma `CTR` ya kiungo, kwa kuwa `CTR (all)` huhesabu hata kupenda na kugusa jina la akaunti.

Kiwango cha ununuzi ndicho kinachopotosha upesi kuliko vyote. Kwenye mibofyo 100, oda 2 na oda 4 zinaonekana kama asilimia 2 na 4, ilhali tofauti ni wateja wawili ambao wangeweza kuja kwa bahati tu. Kwa kawaida mfumo huu huhesabu oda hadi siku 7 baada ya mbofyo, kwa hiyo mibofyo ya jana bado haijamaliza kuzaa. Na mteja aliyeona tangazo akaagiza kwa kupiga simu haonekani kwenye skrini kabisa. Upande wa pili, aliyeagiza mtandaoni akamkatalia bodaboda mzigo mlangoni bado anahesabiwa kuwa amenunua. Kwa biashara ya kulipa mzigo ukifika, mimi huhesabu oda kwa fedha alizorudi nazo bodaboda.