Kiungo kilichochomwa mara mbili

Kiungo cha bomba la PPR la milimita 20 kilikuwa kinavuja ndani ya ukuta wa nyumba ya tofali za udongo huko Ng'ambo, Tabora. Mji huu ulikuzwa na misafara iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji, na kwenye mitaa yake ya zamani kuta za udongo zipo bado. Maji yakikaa ndani yake, tofali hulainika na plasta hubanduka. Kwa hiyo fundi bomba wa hapa nampima zaidi kwa kiungo anachokiacha.

Niliyemwita aliahidi saa tatu asubuhi, akafika saa tano kasoro. Saa tatu bomba lilikuwa tupu, mgawo haujafunguliwa. Alipofika maji yalikuwa yamerudi, na koki iliyo baada ya mita ni kuukuu, haifungi sawasawa. Akafuta tone kwa kitambaa, akachoma hivyo hivyo.

Hapo ndipo kazi ilipoharibika. Pasi ya PPR hupashwa hadi nyuzi 260 hivi. Bomba la kipimo hicho na kiungo chake hukaa kwenye pasi sekunde 5, kisha husukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa, na kuachwa bila kuguswa kama dakika 2. Tone la maji hunyonya joto na kugeuka mvuke, na mvuke huacha vitundu ndani ya plastiki. Kiungo kizuri huonyesha pete ya plastiki iliyoyeyuka, kamili pande zote. Hiki kilikuwa na pete iliyokatika upande wa chini.

Fundi alifungua bomba mchana, hakuona tone, akaridhika. Mchana majirani wote wanachota na msukumo ni mdogo. Usiku tulifunga koki zote za ndani, tukaandika namba za mita. Asubuhi zilikuwa zimesogea.

Alirudi alipoitwa, bila ubishi. Safari hii alibadilisha koki ile, akafungua bomba la uani lililo chini kuliko yote ili maji yaishie huko, akakata kiungo na kuchoma kipya kwenye bomba kavu. Ufundi wa mara ya pili hakuudai. Bei ilipanda kutoka shilingi 45,000 alizotaja hadi 53,000, yote ikiwa ni koki mpya. Alipiga simu kabla ya kuinunua na akaleta risiti. Kwangu hilo si kosa la bei.

Usafi wake ulinipendeza. Alifagia vumbi la tofali, na tundu la ukutani alikataa kuliziba mpaka mita ipite usiku mzima bila kusogea. Wengi huziba siku hiyo hiyo, na uvujaji hufichwa na plasta.

Masika yamepita, ukuta ni mkavu na mita hutulia usiku. Nitamwita tena, lakini kwa miadi ya alfajiri, na koki ijaribiwe kabla pasi haijachomekwa kwenye umeme.