Barua Moja ya Mhariri na Neno "Kodi"

Barua tuliyoletewa kuihakiki iliandikwa na mhariri wa lugha kwenda kwa mteja wake, mwenye nyumba jijini Dar es Salaam, aliyempa rasimu ya mkataba wa pango aisanifishe. Kiini chake ni sentensi moja: "Mabadiliko yote niliyoyafanya ni ya lugha tu, wala si ushauri wa kisheria." Nia yake ni njema, kwani mhariri si wakili na ni haki mteja aambiwe hivyo. Lakini je, kauli hiyo ni ya kweli?

Kifungu cha nne cha rasimu kilisema: "Mpangaji atalipa kodi yote ya nyumba." Mhariri ameandika: "Mpangaji atalipa kodi zote za nyumba," akieleza pembeni kuwa amesahihisha upatanisho. Hakukuwa na la kusahihisha. "Kodi yote" ni umoja, na maana yake ni jumla ya fedha anazolipwa mwenye nyumba kwa kupangisha. "Kodi zote" ni wingi, na wingi huo unamwelekeza msomaji kwenye kodi za namna mbalimbali: kodi ya majengo, kodi ya ardhi, na nyinginezo zinazotozwa na Serikali. Kwa silabi chache tu, mpangaji amebebeshwa madeni ya mwenye nyumba.

Wala hili si jambo la kufikirika. Tangu mwaka 2021, kodi ya majengo nchini Tanzania imekuwa ikikatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU. Anayenunua umeme kwa kawaida ni mpangaji, ilhali mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye nyumba. Mpangaji akidai kurudishiwa fedha zake, ataonyeshwa kifungu cha nne.

Asili ya tatizo ni kwamba neno "kodi" linabeba dhana mbili. Sisi tungependelea "pango" kwa malipo ya nyumba, na "kodi" ibaki kwa malipo ya Serikali. (Wako wanaocheka kwamba pango ni la mlimani, muktadha unatosha kuwajibu.) Hata hivyo, mhariri asiligeuze neno hilo kimyakimya, maana kuchagua moja kati ya dhana mbili ni kuamua nani alipe nini.

Tahajia na alama za uakifishaji mhariri anaweza kuzirekebisha bila kuuliza. Neno lenye maana mbili aliache lilivyo, alipigie mstari, kisha aandike barua ya namna hii: "Ndugu, katika kifungu cha nne neno 'kodi' laweza kumaanisha malipo ya kupanga au kodi za Serikali. Sikulibadilisha. Tafadhali amua na wakili wako maana mnayoikusudia, nami nitaiandika kwa ufasaha."