Kampuni Ikigonga Hodi Soko la Hisa

Kwenye jalada la waraka wa matarajio wa kampuni inayotaka kuuza hisa Nairobi kuna maneno machache ambayo wanunuzi wengi huyaruka. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji inasema hapo kuwa imeruhusu hisa zitolewe, lakini haibebi jukumu la usahihi wa yaliyoandikwa ndani. Anza kusoma hapo. Kibali kinamaanisha kampuni imetimiza masharti ya kuonekana hadharani, na kuitathmini ni kazi yako wewe. Kazi hiyo inakuwa rahisi ukijua kila sharti liliwekwa kuzuia nini, na kampuni imelivuka kwa nafasi kiasi gani.

Kwa miaka ishirini na zaidi kipimo kilikuwa kanuni za 2002, na kampuni nyingi zilizoingia sokoni katika kipindi hicho zilipimwa nazo. Kanuni zilifumuliwa 2023, kwa hiyo anayejiandaa kuorodhesha leo asome hizo mpya. Kwa anayejifunza kupima, za zamani bado ni mwalimu mzuri. Ili kuingia daraja kuu la Soko la Hisa la Nairobi, kampuni ilitakiwa iwe na mtaji uliolipwa usiopungua shilingi milioni 50 na mali halisi, yaani mali ukishatoa madeni, isiyopungua milioni 100. Ilete hesabu zilizokaguliwa za miaka mitano, na kati ya miaka hiyo, mitatu iwe ya faida. Thuluthi ya wakurugenzi wasiwe watendaji. Na baada ya mauzo, robo ya hisa ziwe mikononi mwa wanahisa wasiopungua 1,000, bila kuhesabu wafanyakazi.

Sharti la mtaji halikuambii mengi. Milioni 50 kwa kampuni ya daraja kuu ni pesa ndogo, na anayeivuka kwa shida hakupaswa kubisha mlango huo. Penye utamu ni sharti la faida likisomwa pamoja na lile la mali halisi, kwa sababu hapo ndipo hesabu huweza kupambwa bila sheria yoyote kuvunjwa.

Chukua mfano wa kubuni: kampuni inayonunua mashamba pembeni mwa jiji ili iyajenge. Mwaka wa kwanza imepata hasara ya milioni 40, wa pili hasara ya 15. Kisha mambo yanageuka: faida ya 20, ya 55, ya 70. Miaka mitatu kati ya mitano. Sharti limetimia, na mchoro kwenye waraka unapanda kama ngazi. Mali halisi ni milioni 180, juu kabisa ya kiwango.

Sasa funua ukurasa wa mtiririko wa fedha taslimu. Katika miaka hiyo mitatu ya faida, shughuli za kampuni zimekula fedha badala ya kuleta. Rudi kwenye maelezo ya hesabu, yale yenye herufi ndogo, utafute mstari wa mali za uwekezaji. Viwango vya kimataifa vya uhasibu vinaruhusu ardhi iliyoshikwa kwa uwekezaji ithaminiwe upya kila mwaka na ongezeko lake liingizwe kwenye faida, hata kama hakuna kiwanja kilichouzwa. Tuseme ongezeko hilo lilikuwa milioni 45, kisha 90, kisha 120. Liondoe, na kodi tuiache pembeni. Faida ya 20 inakuwa hasara ya 25, ya 55 inakuwa hasara ya 35, ya 70 inakuwa hasara ya 50. Miaka mitano, hasara tano. Na mali halisi? Jumla ya ongezeko ni milioni 255. Toa kwenye 180, unabaki na pengo la milioni 75.

Hakuna aliyedanganya hapa. Mthamini amesaini, mkaguzi amesaini. Lakini kampuni imepita mlangoni kwa bei ya ardhi ambayo bado hakuna mtu aliyeilipa. Ndiyo maana mimi nikipokea waraka huanza na ukurasa wa fedha taslimu, kisha ndipo nirudi kwenye faida.

Daraja la chini lina tabia nyingine. Soko lilipoanzisha ngazi ya kampuni zinazokua mwaka 2013, sharti la faida liliachwa kabisa. Mtaji ulishushwa hadi milioni 10, na mahali pa historia pakawekwa mshauri maalumu anayeisimamia kampuni, pamoja na zuio kwa wamiliki wakuu kuuza hisa zao kwa miezi 24. Wa kwanza kuingia alikuwa Home Afrika, mjenzi wa mradi wa Migaa kule Kiambu, Julai 2013. Iliorodheshwa kwa utambulisho, maana yake hisa zilizokuwapo zilianza tu kuuzwa sokoni na kampuni haikukusanya mtaji mpya siku ile. Bei ya kuanzia ilikuwa shilingi 12. Miaka michache baadaye hisa hiyo ilikuwa chini ya shilingi moja. Aliyedhani kuorodheshwa ni kuorodheshwa tu hakuona kuwa ngazi hii haikuwa imeuliza swali la faida hata kidogo. Basi kabla ya yote, uliza kampuni imeingia kwa mlango upi.

Swali linalofuata ni fedha za mauzo zinakwenda wapi. Safaricom ilipouza hisa bilioni 10 mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja, muuzaji alikuwa Serikali ya Kenya, na fedha zilikwenda Hazina. Hilo si kosa. Kampuni ilikuwa imara na haikuhitaji fedha hizo. Ila mnunuzi aliyefikiri anachangia minara mipya alikuwa anamlipa mmiliki anayepunguza hisa zake. Mmiliki huyo akiwa mwanzilishi, soma kwa makini sababu anayotoa, na uangalie anabaki na kiasi gani.

Halafu kuna wale wanahisa 1,000, sharti linaloonekana la kijamii lakini kazi yake ni ya soko: hisa isiyo na wauzaji wengi haina bei ya kuaminika. Hapa pia tarakimu hutimizwa bila roho yake. Kampuni yenye hisa milioni 200 inatakiwa itoe milioni 50 kwa umma. Watu 999 wakipewa hisa 100 kila mmoja, ni hisa 99,900 tu. Zilizobaki, 49,900,100, zinaweza kushikwa na mfuko mmoja wa pensheni usiokusudia kuuza kamwe. Kwa hesabu, robo imetoka na wanahisa wametimia. Ukitaka kuuza zako, utakaa wiki nzima dalali akikuambia hakuna mnunuzi. Orodha ya wanahisa kumi wakubwa, inayochapishwa kwenye ripoti ya mwaka, hufichua jambo hili haraka kuliko ukurasa mwingine wowote.

Tanzania walilisukuma suala la kuuza hisa kwa umma kwa sheria. Mwaka 2016 makampuni ya simu yaliamriwa kuuza robo ya hisa kwa umma, na Vodacom Tanzania ikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017, hisa moja shilingi 850. Mauzo yaliongezewa muda na mlango ukafunguliwa kwa wageni kabla hayajakamilika. Kampuni inayoingia sokoni kwa amri haikuambii kwa kuingia kwake kama inahitaji mtaji au kama bei ni nzuri, kwa hiyo usiichukue hatua yenyewe kuwa dalili.

Baada ya kuingia, kinachofuata ni nidhamu ya kutoa taarifa. Nairobi, hesabu za nusu mwaka zilipewa siku 60, za mwaka miezi minne, na kampuni inayotarajia faida yake ishuke kwa asilimia 25 au zaidi hutakiwa kutangaza mapema. Mimi huangalia tarehe ya tangazo hilo. Likitolewa mwaka ukiwa bado haujafungwa, uongozi unazijua hesabu zake. Likitolewa siku chache kabla ya matokeo, ama hawakujua, ama walijua wakanyamaza, na yote mawili yanatosha kunifanya nisubiri ripoti ijayo kabla ya kununua.