Kadi ya Chipukizi

Kazi ya kubuni chapa ninayoiheshimu kuliko zote ni ya akaunti ya akiba ya vijana. Mwenye akaunti ni mmoja, wasomaji ni wawili, na wawili hao hawapatani. Kijana wa miaka 15 kutoka Sanawari anataka benki imwone kuwa mtu mzima. Mama yake anataka benki ikumbuke kuwa huyo bado ni mtoto. Wamesimama pamoja kwenye kaunta ya tawi karibu na Mnara wa Saa, Arusha, na kipeperushi walichopewa ni kimoja. Kikimbembeleza kijana, mama anashika mkoba wake vizuri. Kikimhubiria, kijana anatazama dirishani.

Jibu mojawapo ninalolipenda ni la NMB. Mpango wake unaitwa Wajibu, na chini yake kuna akaunti ya Mtoto, ya Chipukizi kwa wenye miaka 13 hadi 17, na ya Mwanachuo. Aliyepanga majina hayo alijua anachofanya. Uzito wote ameupeleka kwenye jina la mwavuli, ambalo mzazi ndiye atakayelikumbuka, na kijana akaachiwa jina lake lisilo na mahubiri. Wapo wazee watakaosikia Chipukizi wakawaza watoto wa chama kwenye gwaride, lakini katika miteremko ya Meru, ambako miche ya kahawa na migomba inaoteshwa kila mahali, neno hilo halihitaji maelezo. Kilicho muhimu zaidi ni ule mpaka wa miaka 13. CRDB wana Junior Jumbo, jina linalokwenda sambamba na TemboCard yao, na kwa mtoto wa darasa la pili ni jina tamu kweli. Mpe kadi yenye jina la aina hiyo kijana wa kidato cha tatu, uone atakavyoishika.

Huo ndio mtihani ambao ningempa mbunifu yeyote kabla ya kuchapisha. Tengeneza kadi za mfano, wape vijana wachache, waambie walipie soda dukani mbele ya wenzao, kisha usiwaulize chochote. Tazama tu kadi inalazwa upande gani. Ikigeuzwa uso chini, chapa imeshindwa, hata kama wote watakujibu kwa adabu kwamba ni nzuri. Mara nyingi kinachofichwa ni katuni, au neno "mtoto", au rangi tano zinazogombana. Kadi inayobaki wazi huwa na jina la kijana mwenyewe, herufi zinazosomeka, na rangi zile zile zilizo kwenye kadi ya mama yake. Kijana hatafuti benki ya utotoni. Anataka ile ile ya wakubwa, ila imfungulie mlango.

Kosa lingine ni lugha. Arusha ina lugha yake ya mtaani, na mtu wa matangazo kutoka Dar es Salaam akishuka hapa anatamani kuandika "chalii" kwenye bango. Asithubutu. Maneno ya vijana huhama haraka kuliko bajeti ya benki, na bango likifika barabara ya Sokoine neno limeshachuja. Isitoshe, kijana anajua kabisa kwamba benki haiongei hivyo. Urafiki wa benki ni kumwita kwa jina lake, kumjibu alichouliza, na kumwambia bei kabla hajaiuliza.

Bei ndiyo mahali ambapo mbunifu anatakiwa kuwa mkorofi kwa mteja wake. Chukua binti wa Sekei anayeweka shilingi 2,000 kila wiki kwa wiki 40, ili afikishe 80,000. Akaunti ikikata 1,000 kila mwezi, ndani ya miezi tisa imekula 9,000, yaani wiki nne na nusu za kujinyima chipsi. Na riba? Salio lake la wastani ni kama 40,000. Kwa asilimia 3 kwa mwaka, miezi hiyo tisa inampa shilingi 900. Kipeperushi kinachosema "pata riba" hakijadanganya, lakini binti atakapoona taarifa ya akaunti atajua ametendewa nini, na mama yake naye atajua. Hapo nembo nzuri haisaidii kitu. Mbunifu mwenye heshima na kazi yake anarudi kwa watu wa bidhaa na kuwaambia: ondoeni makato kwanza, ndipo nichore.

Halafu kuna jambo ambalo wageni hulisahau. Wanakuja na programu ya simu yenye vikombe na nyota za kuzawadia akiba, wakati shule zetu za sekondari haziruhusu wanafunzi kuwa na simu. Kijana wa bweni pale Ilboru anaiona programu hiyo wakati wa likizo tu, na hata laini anayotumia mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mzazi. Kwa hiyo, muhula mzima chapa inaishi kwenye karatasi: kijitabu kidogo kinachoingia mfuko wa shati, chenye mistari ya tarehe, kiasi na lengo. Mbunifu anayedharau kijitabu hicho hajui mteja wake anaishi wapi.

Sasa nije kwenye sehemu ninayoiona kuwa sanaa yenyewe, nayo ni kanuni ya kutoa pesa. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kufunga mkataba na benki kama mtu mzima, kwa hiyo saini ya mzazi au mlezi lazima iwepo. Mama anataka kujua kila senti inayotoka, na kijana anataka mahali ambapo hachunguliwi. Benki nyingi hulizika jambo hili katika vigezo na masharti, kwa herufi ndogo. Mimi ningeliweka ukurasa wa kwanza, hivi:

"Ukitoa zaidi ya shilingi 10,000 kwa siku moja, mzazi wako atapata ujumbe. Chini ya hapo, ni wewe na benki yako."

Mama akisoma, jicho linatua kwenye sentensi ya kwanza. Kijana anatua kwenye ya pili. Hakuna aliyedanganywa, na kila mmoja ameona alichopewa mwenzake. Siku binti akitoa 15,000 kwa wakala wa Kilombero, simu ya mama inaandika: "Mwanao ametoa sh. 15,000 leo saa 9:40 alasiri. Salio lake ni sh. 47,000." Basi. Hakuna alama ya hatari wala "tafadhali chukua hatua". Ujumbe wa binti unasema: "Umetoa sh. 15,000. Zimebaki sh. 33,000 kufikia lengo lako." Tukio ni moja, hesabu ni moja. Mmoja amepewa taarifa, mwingine amekumbushwa alikokuwa anakwenda. Kazi ya namna hiyo haishindi tuzo za matangazo, kwa kuwa hakuna anayeipiga picha.

Mtihani wa mwisho unakuja siku ya kutimiza miaka 18. Benki nyingi hufikiria kadi mpya na salamu za siku ya kuzaliwa kwa kijana, zikamwacha mzazi agundue mwenyewe kwamba ujumbe umekoma kuja. Ndipo anapokwenda tawini na hasira. Barua ya mzazi ingetakiwa kuandikwa kwa uangalifu kuliko ya kijana, na ifike mwezi mmoja kabla: "Kuanzia tarehe hiyo hatutakutumia taarifa za akaunti hii. Mwanao amekuwa akiiendesha mwenyewe tangu akiwa na miaka 13, na taarifa zote za miaka hiyo mnaweza kuja kuzichukua pamoja."