Pongezi kwa Mwenye Mkoba wa Huduma ya Kwanza

Timu za shule zinapokutana Busia au Tororo, mimi humtazama yule mwenye mkoba pembeni mwa uwanja. Pengine hakuwahi kufunga bao maishani. Mchezaji akiteguka kifundo cha mguu, wenzake hukimbilia kukichua. Yeye huwazuia, maana kuchua kunaweza kuzidisha uvimbe. Kwanza hubonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa, sentimita 6 za mwisho, ndani na nje ya kifundo. Kisha humwambia atembee hatua 4. Mfupa ukiuma, au hatua zikishindikana, safari ni ya eksirei. Vinginevyo hukifunga bandeji, hukiinua na kukiwekea barafu iliyoviringishwa kitambaani, dakika 20 hivi. Kocha hunung'unika kwamba fainali ni kesho. Yeye hamrudishi mtu uwanjani, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi.