Pini Iliyokosa wa Kuishika

Redio za zamani zilikuwa na adabu moja ambayo vifaa vya leo havina. Ukifungua kifuniko cha nyuma ulikuta karatasi imebandikwa kwa ndani, ina mchoro wa saketi nzima, kila rezista na thamani yake. Aliyeiunda alijua kwamba siku moja itaharibika, akamwachia maelezo fundi asiyemjua. Leo unafungua kifaa unakuta chipu imekwanguliwa jina kwa makusudi, wala hakuna karatasi. Fundi naye amejizoeza hali hiyo: habari ya kutafuta ugonjwa hana, anabandua bodi, anapachika nyingine, anapokea hela.

Kwa hiyo nilipomwona binti mmoja katika karakana ndogo ya Gerezani, Dar es Salaam, akikataa dawa ya haraka, nilivuta stuli nikakaa.

Karakana hiyo ni ya mzee aliyeanzia kwenye redio, akahamia kwenye televisheni, na sasa anaunda vidhibiti vya mashine za kutotolesha vifaranga. Kisanduku kinakaa juu ya kabati la mayai. Kinapima joto na kulishikilia kwenye nyuzi 37.5, kinawasha mota ya kugeuza trei kila baada ya saa chache, na kinahesabu siku. Hesabu hiyo ndiyo roho ya kazi. Yai la kuku hutotolewa kwa siku 21, lakini trei hugeuzwa mpaka siku ya 18 tu. Baada ya hapo kifaranga anajipanga kutoka, na kumgeuzageuza ni kumchanganya.

Mteja alikuwa mama mfugaji kutoka Kibaha. Hakuja na lawama tu, alikuja na kalenda. Kila asubuhi alikuwa ameandika tarehe na namba ya siku aliyoisoma kwenye kioo cha kisanduku. Mwanzoni namba zilikwenda sambamba. Kisha, tarehe ya siku ya 12, kioo kilisema siku ya 1. Kikahesabu vizuri tena, halafu kikarudi mwanzo. Siku ambayo kalenda ilisema 19, kioo kilisema 5, na mota ilikuwa bado inageuza mayai.

"Umeme wetu huo, mama," mzee alimwambia. "Unakatika usiku mmelala."

"Umeme haujakatika, mzee wangu. Friji iko pale pale na saa ya ukutani ya umeme haijapotea hata dakika."

Mzee alikwisha kubadilisha adapta mara ya kwanza alipoletewa malalamiko. Mara hii alikuwa na dawa nyingine. Chipu iliyomo ndani ni PIC16F877A, ya ukoo wa PIC ulioanzia katika kampuni ya General Instrument miaka ya 1970, na ina baiti 256 za kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Alitaka programu iandike namba ya siku humo. Kisanduku kikizimika na kuwaka, kitasoma namba hiyo na kuendelea pale kilipoishia. Nusu saa ya kazi, mama anaondoka na mashine yake.

Binti akasema, kwa heshima, kwamba namba itahifadhiwa sawa, lakini kisanduku kitaendelea kujianzisha upya bila mtu kujua.

Hapo ndipo ninapopatazama kila nikifikiria ufundi wa siku hizi. Dawa ya mzee haikuwa mbaya. Kwa kweli ilipaswa kuwamo tangu siku ya kwanza, kwa sababu umeme wetu hukatika. Ila ingewekwa kabla ya ugonjwa kujulikana, ingeufunika. Tumezoea mno vifaa vinavyojizima na kujiwasha. Simu, king'amuzi, hata mita: zima, washa, endelea. Tunahesabu kwamba vimepona, kumbe vimenyamaza tu.

Binti alianza kwa kuiuliza chipu yenyewe. Chipu hii inapoanza upya huacha alama ndani yake. Katika rejesta iitwayo PCON kuna biti mbili: POR, ambayo huwa sifuri umeme ukiwa ndio kwanza umeingia, na BOR, ambayo huwa sifuri volti zikiwa zimeshuka mno, karibu na 4. Katika rejesta ya STATUS kuna biti ya TO, ambayo huwa sifuri ikiwa ni saa ya ulinzi iliyoianzisha chipu kwa kuwa programu ilikwama. Sharti programu yenyewe izirudishe POR na BOR kuwa moja kila inapoanza, la sivyo alama ya jana itasomwa kama ya leo. Zote tatu zikikutwa ni moja, kinachobaki kushukiwa ni pini namba 1, MCLR, ambayo ikishushwa chini huirudisha chipu mwanzo.

Akaandika mistari michache ili kioo kionyeshe herufi moja pembeni: P kwa umeme, B kwa volti kushuka, W kwa saa ya ulinzi, M kwa pini. Kisanduku kikarudishwa juu ya kabati tupu, hita ikawashwa, mota ikaachwa igeuze trei zisizo na kitu. Kesho yake mchana namba ilikuwa imerudi mwanzo, na pembeni yake palikuwa na M.

Mwingine angeshangilia. Yeye alitikisa kichwa. Programu ikipotea njia kwenye chipu hii, yaweza kupitiliza mwisho wa kumbukumbu na kujikuta tena kwenye anwani ya sifuri. Nayo hiyo huonekana kama M, maana hakuna biti inayoguswa. Herufi ilikuwa ushahidi, haijawa hukumu.

Akachukua testa, ncha nyeusi kwenye hasi, nyekundu kwenye pini namba 1. Volti 5 kamili. Kisanduku hakikutetereka.

"Nzima hiyo," mzee akasema.

Binti hakumjibu. Alikuwa anautazama mchoro, maana karakana hiyo bado inachora kwa mkono na kuutunza mchoro, jambo lililonipa faraja. Kutoka volti 5 kwenda kwenye pini hiyo kuna rezista moja ya ohm 10,000, basi. Kazi yake ni kuishikilia pini juu ili isiende popote. Ndani ya chipu hii hakuna kingine cha kuivuta juu. Rezista hiyo ikiachia, pini inabaki inaelea, kama mlango usio na komeo: utakaa ulipo mpaka upepo upite. Na kwenye kisanduku hiki upepo haukosekani. Rilei ya hita inafunga na kufungua, mota inaanza na kusimama, na kila mara cheche ndogo inarusha mtikisiko hewani na kwenye nyaya. Pini inayoelea inaupokea. Ikishuka chini ya volti 1 kwa mikrosekunde 2 tu, chipu inaanza upya.

Lakini testa ilikwisha kusema volti 5. Tena juu ya meza.

"Juu ya meza ni baridi," binti akasema, kama anajisemea.

Akakirudisha kisanduku juu ya kabati, akafunga kifuniko, akakiacha mpaka bodi ikaiva joto la hita. Kisha akafungua taratibu na kuigusa pini ile ile kwa ncha ile ile. Kioo kikafifia. Alipoondoa ncha kikarudi: siku ya 1, M. Akagusa tena, akaondoa. Siku ya 1, M. Kila akigusa.

Nilimwomba anieleze, akanieleza bila madaha. Testa ya dijitali ina ukinzani wa ohm milioni 10 kati ya ncha zake mbili. Kwa pini iliyoshikwa na rezista ya ohm 10,000, mzigo huo si kitu. Unaipunguzia volti kwa milivolti 5 hivi, na chipu haihisi. Kwa pini inayoelea, ohm milioni 10 kwenda hasi ndiyo nguvu pekee iliyopo, na inaivuta pini mpaka chini. Ndiyo kusema kipimo chenyewe kilikuwa kinaiangusha, na kwa kuiangusha kilitoa jibu ambalo namba ya volti isingelitoa. Programu iliyopotea njia isingeijali ncha ya testa.

Akazima umeme, akapima ohm kutoka pini namba 1 hadi njia ya volti 5 bodi ikiwa bado ya moto. Hakuna kitu. Akasubiri ipoe, na pole pole namba ikatokea, ikarukaruka, ikatulia kwenye elfu kumi. Chini ya lenzi tuliona wote watatu. Mguu mmoja wa rezista ulizungukwa na duara jembamba jeusi, jembamba kuliko unywele. Solda ilikuwa imeshika shaba ya bodi lakini haikuushika mguu. Mguu ulikuwa na kutu wakati wa kuunganishwa, haukusafishwa, na kwa kuwa solda ilikuwa iking'aa vizuri pembeni, hakuna aliyeshtuka. Baridi iliubana ukagusa, joto likautanua ukaachia.

Mzee alitazama muda mrefu. Bodi hiyo iliunganishwa hapo hapo karakanani, wakati wa oda kubwa iliyotakiwa haraka.

Alichofanya binti baadaye kilichukua dakika chache: alinyonya solda ya zamani, akauchomoa mguu, akaukwangua kwa wembe mpaka ukang'aa, akaurudisha kwa fluksi na solda mpya, akasubiri ipoe bila kuipuliza. Bodi ikapashwa joto tena, testa ikagusa, kisanduku hakikushtuka. Ndipo akaweka ile dawa ya mzee ya kuhifadhi siku. Herufi ya pembeni hakuifuta. Aliiacha ili siku nyingine fundi mwingine asianzie gizani. Kisha akashusha bodi zilizobaki za oda ile kutoka rafuni, akaanza kuzipitia kwa lenzi, na ya pili tu aliyoishika ilikuwa na duara lile lile.

Siku mbili za kutafuta, tone moja la solda. Hesabu hiyo haieleweki tena mjini. Mteja akiambiwa bodi mpya anatoa hela bila kubisha, akiambiwa solda anauliza kwa nini abebeshwe gharama yote hiyo. Mzee mwenyewe alikiri kwamba kazi kama hii haimlipi, na kwamba vijana wawili aliowafundisha kutafuta ugonjwa kwa subira wamekwisha kuondoka, mmoja anauza makava ya simu. Binti huyu naye sijui atakaa mpaka lini. Akiondoka, kalenda ya mama wa Kibaha itapelekwa kwa mtu ambaye ataigeuza upande wa pili aandikie bei ya bodi.

Basi ukiwa na kifaa kinachojizima na kujiwasha chenyewe, usikivumilie. Andika tarehe, saa, na kilichokuwa kinafanya kazi karibu yake wakati huo, kipeleke kwa fundi pamoja na karatasi hiyo. Akikurudishia kifaa, mwombe akuonyeshe kilichokuwa kimeachia, kisha mlipe muda wake wa kukitafuta.