Majibu Matatu Yasiyo Sahihi

Basi likisimama Makambako, wachuuzi wanakuwa wameshafika madirishani kabla mlango haujafunguka. Abiria anataka maji. Mchuuzi anapokea hela, anarudi nyuma hatua moja, anairusha chupa. Inapanda, mwendo unapungua, inadakwa dirishani. Hapo, mahali barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu iendayo Mbeya, ndipo nilipopata swali ninalolipenda kuliko yote niliyotunga.

Chupa imeshatoka mkononi na bado inapanda. Ukiacha ukinzani wa hewa, ni kani gani zinazotenda juu yake? Jibu ni mvutano wa dunia peke yake, kuelekea chini. Kuliandika hilo hakukunichukua dakika moja. Vipotoshi vitatu vya kukaa pembeni yake ndivyo vilivyonichosha, na ndivyo vilivyonifundisha kazi.

Mwanzoni nilivitunga mezani kwangu. Niliweka kani ya sumaku, nikaweka msuguano wa ardhi. Hakuna aliyevigusa. Swali la majibu manne likabaki la majibu mawili, na aliyebahatisha akawa na nusu ya nafasi ya kupata. Nikavifuta vyote, nikalipeleka swali tupu kwa Kidato cha Pili mjini Njombe, asubuhi ya baridi, watoto wamejikunyata ndani ya masweta. Nikawaambia wachore mishale ya kani na waeleze kwa Kiswahili, ingawa fizikia ya sekondari wanasomeshwa kwa Kiingereza. Nilitaka kusikia fikra, si msamiati.

Mmoja aliandika kwamba nguvu ya mkono bado imo ndani ya chupa, inaisha taratibu. Mwingine akasema mvutano unasubiri mpaka chupa ichoke ndipo uivute. Vipotoshi viwili vikawa vimepatikana, na sikuwa nimebuni chochote. Kwa njia hiyohiyo Ibrahim Halloun na David Hestenes, huko Marekani, waliandaa jaribio lao la mekanika la mwaka 1985: waliuliza kwanza bila kutoa machaguo, kisha makosa yaliyojirudia wakayageuza kuwa machaguo.

Jibu la kwanza nalistahi sana. Katika karne ya 6, Yohana Filoponi wa Aleksandria alifundisha kwamba mrushaji hukiachia kitu nguvu ndani yake, nayo ndiyo inayokipeleka. Mtoto wa Njombe ameifikia hoja hiyo mwenyewe, kwa kurusha mawe. Kipotoshi kinachobeba fikra ya namna hiyo kiandikwe kwa heshima: kiwe na urefu sawa na jibu sahihi, kisiwe na maneno kama “kamwe” au “siku zote” yanayomstua msomaji.

Kuna mahali niliteleza. Niliandika: “Mkono unaipeleka juu, mvutano unaivuta chini.” Niliposahihisha, nikaona waliochagua hilo ni walewale waliofanya vizuri maswali mengine yote. Kipotoshi kikiwavuta wenye uelewa kuliko wasio nao, kosa litafutwe kwanza kwenye maandishi. Nikamwita mmoja wao. “Mwalimu, kwani si mkono ndio ulioirusha?” Alikuwa na haki. Mkono ndio chanzo cha mwendo. Kinachokosewa ni kudhani bado unasukuma. Nikaandika upya: “Kani ya mkono inayoendelea kuisukuma juu huku ikipungua, pamoja na mvutano wa dunia.” Waelewa wakaliacha, wenye dhana ya Filoponi wakabaki nalo.

Hata hivyo chaguo moja halitoshi kumjua mtu, maana huenda amebahatisha. Kwa hiyo nikaongeza swali la pili: chupa imefika juu kabisa, haipandi wala haishuki. Anayeamini kwamba nguvu ya mkono inapungua atasema hapo kani mbili zimelingana, na hilo nikalifanya kipotoshi. Mwanafunzi akishika yote mawili, nimeshika uzi wa fikra yake, na najua pa kuanzia kesho: namuuliza, kama kani zimelingana na chupa imetulia, nini kitaifanya ishuke? Kwa hoja yake mwenyewe, chupa ingebaki inaning'inia mbele ya dirisha la basi.

Kipotoshi cha tatu cha swali la kwanza bado hakijanitosheleza; kwa sasa kinasema hakuna kani yoyote, na wachache mno wanakichagua. Juzi msichana mmoja alichora mshale nyuma ya chupa, akaandika kwamba hewa inazunguka na kuisukuma kwa nyuma. Ni hoja iliyokuwapo tangu zama za Aristotle, na nimeinakili kwenye daftari langu neno kwa neno. Lakini shina la swali langu limeshaiondoa hewa, kwa hiyo jibu lake nitalitungia swali lake lenyewe.